Herufi Moja katika Barua ya Rufaa

Kiswahili hutumia mzizi mmoja: dawa huathiri mwili, na tokeo lake huitwa athari. Kiingereza, lugha ya mafaili ya hospitali, kina maneno mawili. Kwa kawaida afekti ni kitenzi, yaani kuathiri. Efekti ni nomino, yaani athari. Lakini efekti ikiwa kitenzi maana yake ni kuleta: kuathiri nafuu ni kuibadilisha tu, kuileta ni kuifanya iwepo.

Hatari kubwa zaidi imo katika afekti ikiwa nomino. Katika tiba ya akili ni hisia inayodhihirika katika uso na sauti ya mgonjwa. Chukulia zahanati ya Ikoma imepokea barua ya rufaa isemayo “afekti bapa” kuhusu mgonjwa anayetumia haloperidoli. Maana yake ni kwamba husimulia hata msiba bila uso wala sauti kubadilika. Mhudumu akidhani kuwa dawa ina athari ndogo, ataomba dozi iongezwe, ilhali haloperidoli yenyewe huweza kuukakamaza uso. Barua ya rufaa yafaa iandike kilichoonekana: “Uso haubadiliki; sauti ni ya namna moja.”