Msiifunge Nyumba ya Nyanya Wakati wa Jioni

Ndugu wakulima, katika wilaya zetu za ziwani, tangu Mbita na Kendu Bay hadi Muhuru, na hata kule juu Oyugis, Rongo na Kuria, imeenea desturi moja ambayo mimi naipinga. Ifikapo saa kumi na moja jioni mwenye nyumba ya nailoni, ile ambayo wengi huiita grinihausi, huteremsha mapazia ya pembeni pande zote, akafunga mlango, akaenda zake. Kesho yake hufungua saa tatu, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba anazuia baridi isiingie, na kwamba ndivyo alivyofundishwa alipouziwa nyumba.

Mafundisho hayo si ya uongo, lakini si ya huku kwetu. Yametoka katika nchi za baridi, na katika nyanda za juu ambako usiku nyanya huona baridi kweli. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na usiku wa pwani yake kwa kawaida haushuki sana chini ya digrii 17 au 18. Mnyanya hauumii kwa baridi kama hiyo. Tena nailoni ya kawaida haizuii joto la usiku kama watu wanavyodhani, maana joto la ardhi huipenya na kupanda mbinguni. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa ya ndani ya nyumba iliyofungwa yaweza kuwa sawa na ya nje, na mara nyingine baridi zaidi. Basi mkulima anayefunga hapati joto analolitafuta. Anachopata ni maji.

Tufanye hesabu, na wasomaji wanivumilie kidogo, kwani hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Tuchukue nyumba ya kipimo kinachoonekana sana kwetu, upana mita 8 na urefu mita 15. Kimo chake tukikadirie mita 3 kwa wastani. Ndani yake mna hewa ya mita za ujazo 360. Jioni hewa hiyo ina joto la digrii 27, na unyevu wake ni robo tatu ya ule inaoweza kuubeba. Hewa ya digrii 27 inaweza kubeba kama gramu 26 za maji katika kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo robo tatu yake ni gramu 19 na kidogo. Alfajiri hewa ile ile imepoa hadi digrii 18. Hewa ya digrii 18 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15 na nusu hivi. Zile gramu karibu 4 zilizobaki hazina pa kwenda. Zidisha kwa 360, utapata lita moja na nusu hivi ya maji yaliyokuwa hewani, na sasa ni matone juu ya nailoni, juu ya majani na juu ya matunda. Na hapo sijahesabu maji yanayoendelea kutoka katika udongo uliolowa na katika majani yenyewe usiku kucha. Ndiyo sababu mtu akiingia asubuhi hudondokewa mgongoni kana kwamba mvua imenyesha ndani.

Hatari yenyewe iko katika ule mwanzo wa asubuhi. Jua likitoka, hewa ya ndani hupata joto upesi, lakini tunda la nyanya ni zito, hupata joto polepole. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa tunda la baridi, maji hutoka hewani yakashika tunda, kama yanavyoshika chupa ya soda iliyotoka katika friji. Mkulima anayefungua saa tatu ameyaacha majani na matunda yake yakiwa yamelowa saa mbili zaidi, na mbegu za ukungu hazihitaji zaidi ya kulowa kwa saa kadhaa ili zichipuke.

Ugonjwa unaofuata hapo mara nyingi ni ukungu wa majani. Huu hupenda joto la digrii 22 hadi 24, na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 85, yaani hali ile ile tunayoitengeneza kwa mikono yetu. Juu ya jani huonekana mabaka ya manjano iliyopauka yasiyo na ukingo dhahiri. Ukiligeuza jani utaona chini yake, mahali pale pale, kitu kama mahameli, rangi yake ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Huanza majani ya chini, katikati ya nyumba, ambako hewa haifiki. Wakulima huleta majani hayo ofisini yamefungwa katika gazeti, na swali ni moja siku zote: nipige dawa gani? Dawa zipo, lakini kila pampu ya dawa ni maji mengine ndani ya nyumba. Mtu akipiga jioni kisha akafunga mapazia, amelowesha majani kwa usiku mzima. Naamini fedha nyingi za vikundi vyetu zimeishia katika chupa za dawa hali kamba ya pazia haigharimu kitu.

Basi nasema hivi: mapazia yakae juu mchana na usiku, na yateremshwe tu wakati mvua inapopigwa na upepo kuingia ndani, tena upande ule unaotoka mvua peke yake. Mvua ikipita, yainuliwe. Kama mtu anaogopa kuacha wazi usiku, basi angalau aamke na kufungua kabla jua halijachomoza, siyo baada yake.

Nitajibiwa kwamba hewa ya nje ya alfajiri nayo ina unyevu, hasa wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Ni kweli, na kwa hiyo kufungua hakutaikausha nyumba iwe kama jikoni. Lakini kuna tofauti mbili. Kwanza, hewa inayotembea huuchukua ule unyevu wa ziada unaotoka katika udongo na majani, isiuache urundikane. Pili, mmea wa nje hupata umande mwingi kwa sababu majani yake yanatazamana na mbingu na kupoa kuliko hewa. Chini ya paa majani hayapoi hivyo. Mnyanya ulio chini ya paa lenye ubavu wazi hulowa kidogo kuliko wa shambani, na pia kuliko uliofungiwa. Kwetu sisi faida kubwa ya nailoni ni kuzuia mvua isipige majani. Ni mwavuli, wala si blanketi.

Sasa kuna jambo la neti, na hapa sina jibu rahisi. Neti nene yenye matundu madogo inazuia inzi weupe wanaoleta ugonjwa wa kujikunja majani, na humzuia pia yule nondo wa nyanya aitwaye Tuta, aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Sisemi iondolewe. Lakini neti ya namna hiyo hupunguza hewa, kama nusu yake au zaidi, na ikijaa vumbi na utando wa buibui hupunguza zaidi. Kwa hiyo mwenye neti lazima aongeze ukubwa wa madirisha. Kanuni inayotumika sana ni kwamba matundu ya hewa yafikie robo ya sakafu. Kwa joto la ziwani mimi nataka theluthi. Nyumba yetu ya mita 8 kwa 15 ina sakafu ya mita za mraba 120, na theluthi yake ni 40. Mapazia ya pande mbili ndefu, kila moja likiwa na kimo cha mita moja na nusu, yatatoa mita 45. Yaonekana kutosha, ila neti ikichukua nusu hubaki 22 na kitu. Inua matundu ya pembeni yafikie mita mbili na nusu, utapata 75. Ongeza tundu la juu ya paa, urefu wote wa nyumba na upana wa sentimita 60, utapata 9 zaidi. Jumla 84, na nusu yake 42. Hapo inatosha.

Tundu hilo la juu si pambo. Hewa ya moto hupanda, na isipopata njia ya kutokea juu hukaa pale pale maua ya juu yalipo. Mchana joto likipita digrii 32 kwa muda mrefu, ule unga wa manjano wa ua hudhoofika, ua hukauka na kuanguka bila kuzaa. Mkulima husema mbegu ilikuwa mbaya. Mdomo wa tundu utazame upande upepo unakokwenda, ili upepo ukipita uivute hewa ya ndani. Karibu na ziwa, mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu, basi ubavu mrefu wa nyumba uelekee majini. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, mwelekeo wa jua haupaswi kutusumbua sana katika uamuzi huo.

Atakaye kujua hali ya nyumba yake bila kubahatisha anunue vipimajoto viwili vinavyofanana. Avitundike katikati ya nyumba, kivulini, kwa kimo cha majani. Kimoja akifunge kitambaa cha pamba shingoni hadi chini, na ncha ya kitambaa iingie katika kichupa cha maji ya mvua. Akipepee kwa kifuniko dakika tatu au nne, kisha asome vyote viwili. Kilicholowa kitasoma chini ya kile kikavu. Tofauti ikiwa digrii 4 katika joto la 25, unyevu ni karibu asilimia 70, na hapo hakuna shaka. Ikiwa digrii 2 au pungufu, unyevu umefika kwenye 83 au zaidi, afungue kila kinachofunguka na asipige dawa wala kumwagilia saa hiyo. Ningependa kila mradi unaogawa nyumba hizi kwa vikundi utoe na vipimajoto hivyo, na ukatae nyumba isiyo na tundu la juu.

Yako mengine yanayosaidia hewa kupita. Mnyanya uachwe na shina moja juu ya kamba, majani ya chini ya kichala cha kwanza yaondolewe tunda linapoanza kukomaa, na maji ya matone yafunguliwe asubuhi ili udongo wa juu uwe umekauka kidogo kabla ya jioni.

Kwa ugonjwa mmoja, lakini, mapazia hayana msaada. Mmea ukinyauka ghafla mchana hali majani bado ni ya kijani, kata shina lake, litumbukize katika glasi ya maji safi na ungoje kidogo. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya maji, huo ni mnyauko wa bakteria, nao umo katika udongo. Nyumba hiyo isipandwe tena nyanya, hoho, biringanya wala viazi mviringo katika udongo ule.