Picha iliyofutwa haihitaji fundi

Huku Kasongo watu wanaamini hivi: picha ikifutwa kwenye simu, imekwenda, na wa kuirudisha ni fundi mwenye kompyuta peke yake. Kwa imani hiyo watu wanatoa franka zao na kulaza simu siku nzima kibandani. Ni imani potofu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida siku 30 za kwanza humhitaji fundi hata kidogo, na siku hizo zikishapita, mara nyingi fundi naye hana la kufanya.

Chukua kadi za uchaguzi za mwaka 2023. Kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha mtu, na nyingi zilianza kufutika maandishi baada ya miezi michache tu. Wenye busara wakazipiga picha mapema. Sasa tuseme mama wa Kabambare anayo picha ya kadi yake, na tarehe 3 Machi 2024, saa sita mchana, mtoto akachezea simu na kuifuta.

Kwenye simu ya Android 11 au ya baadaye, picha iliyofutwa kwa njia ya kawaida haiendi mbali. Galari nyingi hubadilisha jina lake tu na kuificha palepale ilipokuwa, namna hii:

```
.trashed-1712052000-IMG_20230305_101500.jpg
```

Ile namba ndefu ni saa ya kufa kwake, iliyohesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Hapa ni tarehe 2 Aprili 2024, saa sita mchana kwa saa za Maniema: siku 30 kamili. Mpaka hapo picha ni nzima, haijapungua kitu.

Kuirudisha hakuhitaji mtandao wala mega. Mama afungue programu ileile iliyotumika kuifuta picha, atafute Corbeille, aiguse picha, kisha abonyeze Restaurer. Kwenye iPhone albamu inaitwa Supprimés récemment, na neno la kubonyeza ni Récupérer. Picha inarudi mahali pake na tarehe yake ya zamani, kwa hiyo asiitafute juu kabisa pamoja na picha za leo. Ashuke mpaka Machi 2023. Wengi hukosea hapo, wanadhani haikurudi.

Asipoiona, asikate tamaa haraka. Ajiulize kwanza picha ilifutwa kupitia programu gani, maana Galari ya simu na Google Photos zinaweza kuwa na mapipa tofauti. Iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni na Google Photos hukaa humo siku 60, si 30. Lakini simu za zamani zaidi huenda hazina pipa kabisa, na programu nyingine za mafaili hufuta moja kwa moja.

Kinachonikasirisha ni hiki. Picha zilizo ndani ya Corbeille bado zinakula nafasi. Simu zetu ni za nafasi ndogo, hujaa kila wiki, na mtu wa kwanza kuombwa msaada hubonyeza Vider la corbeille bila kuuliza. Vivyo hivyo programu za kusafisha simu. Picha ambayo ingengoja mpaka Aprili inauawa Machi, tena na yule aliyeitwa kusaidia.

Wala kuzima simu hakusimamishi hesabu. Siku zinakwenda hata betri ikiwa imekufa, na usafishaji wenyewe kwa kawaida hufanyika simu ikiwa imetulia kwenye chaji. Kwa hiyo simu iliyokaa wiki kadhaa bila moto, ikipata chaji ya sola, picha zilizopitwa na tarehe zinaweza kuondoka wakati huohuo. Tafuta picha kwanza, ndipo uiache simu kwenye chaji.

Na fundi je, baada ya kufutwa kabisa? Simu zilizotoka na Android 10 au zaidi huandika kila faili kwa fumbo. Faili likifutwa, mabaki yanabaki vurugu lisilosomeka. Programu zinazojidai kufufua picha mara nyingi huonyesha vivuli vidogo vilivyobaki kwenye kumbukumbu ya galari: uso mdogo uliofifia, namba ya kadi haisomeki. Anayekutoza pesa kwa hiyo anakudanganya. Afadhali utafute WhatsApp ya mtu uliyewahi kumtumia picha hiyo.

Fundi ana kazi ya kweli pale tu picha ilipokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuchomeka na kutoka, isiyofungwa na simu. Hapo toa kadi mara moja, usipige picha nyingine hata moja, kwa sababu mpya huandikwa juu ya za zamani. Mpelekee kadi peke yake, umwombe aisome kwa PhotoRec, ambayo ni ya bure, na picha atakazozipata azihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile.