Picha isiyofunguka kwenye barua pepe inakulinda

Wengi wetu tunakasirika barua pepe inapofunguka bila picha, tukidhani konekisheni ni mbovu. Mara nyingi sivyo. Programu kama Thunderbird huzizuia kwa makusudi, na kwa maoni yangu inafanya vema.

Picha hizo hazimo ndani ya barua. Ndani kuna anwani tu; picha yenyewe imebaki kwenye seva ya mtumaji. Anaweza kumpa kila mpokeaji anwani ya pekee, ya picha ya pikseli moja isiyoonekana kwa macho. Ukiruhusu ifunguke, simu yako inaenda kuichukua, na seva inaandika: fulani amesoma saa 2:14 usiku, kutoka anwani hii ya IP. Anwani hiyo huweza kuonyesha nchi, hata mji. Kwa shahidi aliyekimbia Goma na kujificha, hilo si jambo dogo. Tapeli naye anajua kwamba barua zake zinasomwa.

Tangu Desemba 2013, Gmail huchukua picha kupitia seva zake. Mtumaji haoni ulipo, lakini bado anaweza kujua umesoma. Basi, kwenye mipangilio chagua kuulizwa kwanza. Na kumbuka: ukibofya kiungo kilichomo, kinga hiyo haikusaidii tena.