Kabla ya Kutia Sahihi, Toa Kalkuleta

Jumanne usiku binamu yangu wa Kiminini alinitumia picha 9 kwa Wotsapu. Nikadhani ni harusi. Kumbe ni mkataba wa kukuza mbegu ya mahindi, kurasa 9 za Kiingereza cha mawakili, na chini yake ameandika: "Kaka, Ijumaa natia sahihi. Bei ni 70 kwa kilo. Soko ni 39. Niambie kama kuna shida."

Mimi si wakili. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, mnajua. Lakini hesabu ya kutoa na kujumlisha sikuiacha kule, na mkataba wa kilimo ni hesabu iliyovaa suti. Tulikaa kwenye simu mpaka saa sita, na tuliyoyapata ndiyo nataka tuongee, kwa sababu naona mbogi nzima ya vijana wa Kitale na Bungoma inakodi shamba siku hizi, na kila mtu anaulizwa swali moja tu: "Bei gani?"

Bei ndiyo kitu cha mwisho kusoma. Soma kwanza ni kilo ipi inayolipwa bei hiyo.

Kitale ndiko nyumbani kwa biashara hii. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko 1956, na mahindi ya kwanza chotara ya kuuzwa kwa wakulima, H611, yalitoka huko 1964. Tangu hapo mbegu nyingi tunazonunua kwa pakiti zimekuzwa kwenye mashamba ya watu kwa mkataba, na leo kampuni ni kadhaa. Ya binamu yangu siitaji, na nambari nimezisawazisha ziwe rahisi, lakini vifungu ni vilevile.

Mbegu chotara haikuzwi kama mahindi ya ugali. Unapanda mistari ya mama na mistari ya baba, mathalani mitatu au minne ya mama kwa mmoja wa baba. Mahindi ya mama yakianza kutoa mbelewele, lile ua la juu lenye vumbi, unaling'oa kabla halijamwaga. Unapita shambani kila siku, wiki mbili hivi, Jumapili ikiwemo, kwa sababu mahindi hayajui Jumapili. Ukiacha mbelewele chache, mama anajichavusha mwenyewe na mbegu inaharibika. Baadaye mistari ya baba inakatwa. Kwa hiyo katika eka yako kuna sehemu ambayo umeipalilia, umeitilia mbolea, na haitakulipa hata ndururu. Hakuna aliyemwambia binamu jambo hilo kwa kinywa. Limeandikwa ukurasa wa nne.

Sasa hesabu. Tuseme eka moja imetoa kilo 1,000. Kichwani mwa binamu hizo ni shilingi 70,000, na tayari alikuwa ameanza kuangalia bei za pikipiki.

Kifungu cha ubora kinasema bei ya 70 ni ya kilo "iliyokubaliwa", yenye unyevu wa asilimia 13.5. Mahindi yake yakifika mizani na unyevu wa 18, kilo zinapunguzwa. Hapa msikimbilie kusema ni wizi, kwa sababu maji si mbegu. Lakini kupunguza kuna kipimo chake cha haki. Katika kilo 100 zenye unyevu wa 18, kilo 82 ni kitu kikavu. Gawanya 82 kwa 86.5, zidisha kwa 100, unapata kilo 94.8. Yaani makato ya haki ni kilo 5 na kidogo kwa kila 100. Mkataba ukisema "kilo 2 kwa kila asilimia moja iliyozidi", utakatwa 9. Hizo karibu 4 za ziada si maji. Hizo ni zako, zimebebwa. Mkataba wa binamu ulisema tu "kulingana na jedwali la kampuni", na jedwali lenyewe halikuwa kwenye zile picha 9. Nikamwambia hiyo ndiyo karatasi ya kuuliza kwanza.

Tuchukue kwamba jedwali ni la haki. Kilo 1,000 zinakuwa 948. Kiwandani wanachambua, wanatoa zilizovunjika, zilizooza na zile ndogo mno. Tuseme asilimia 6 inatupwa. Zinabaki 891, ambazo kwa 70 ni shilingi 62,370. Hapo unakuja mkopo wa pembejeo: mbegu za wazazi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa, pamoja na riba, jumla 40,000, nao unakatwa kabla pesa haijafika kwa simu yako. Zinabaki 22,370. Toa vibarua wawili wa kung'oa mbelewele, siku 15, 500 kwa siku, yaani 15,000. Mkononi una 7,370, na bado hatujataja trekta wala kodi ya shamba. Pikipiki ikageuka kuwa tairi la pikipiki.

Lakini hiyo ndiyo hadithi nzuri, ambapo kila kitu kimeenda fiti. Mbaya iko ukurasa wa sita.

Shamba la mbegu hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia ubora wa mbegu, na ukaguzi mkali zaidi ni wakati mahindi yanachanua. Wanaangalia mbelewele ulizosahau kwa mama, mimea isiyofanana na wenzake, na umbali kati ya shamba lako na mahindi mengine. Umbali huo ndio unaoua watu wenye eka moja. Wewe unaweza kuwa makini kama daktari, halafu jirani akapanda mahindi yake ya kawaida karibu, tena ni shamba lake na ni haki yake. Upepo hausomi mkataba. Shamba likikataliwa, mazao si mbegu tena, ni mahindi ya posho.

Rudi kwenye kalkuleta. Zile kilo 948 ni magunia 10 na kidogo ya kilo 90. Kwa 3,500 kila gunia, ni kama 36,870. Mkopo ni uleule 40,000. Unadaiwa kama 3,130, na vibarua ulishawalipa 15,000 zao. Mkopo hauna habari kwamba shamba limekataliwa. Hicho ndicho kiini cha mikataba hii na ndicho kinachofichwa na neno "bei ya uhakika": kilicho na uhakika ni deni. Bei ni ya kilo zitakazopita mitihani mitatu, deni ni la siku ya kwanza.

Nilipomweleza binamu hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote: "Sasa yakikataliwa, nani anayanunua?" Tukatafuta kurasa zote 9. Kulikuwa na kifungu kinachomkataza kuyauza kama mbegu, sawa kabisa, na kingine kinachomkataza kuyauza popote bila ruhusa ya kampuni. Hakuna kilichosema kampuni itatoa ruhusa kwa siku ngapi. Wiki tatu za kungoja barua huku mahindi yamekaa kwenye stoo yenye panya, hiyo ni pesa.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Kampuni imetoa mbegu za wazazi, mbolea na dawa bila kuona hata hundi. 2022 gunia la mahindi lilipopita 5,000, kila mtu aliyekuwa na mkataba wa bei ya chini aliona dalali wa lori kama malaika. Ukimuuzia usiku, huyo aliyekukopesha anabaki na karatasi. Kwa hiyo faini ya kuuza pembeni naielewa, na sitamtetea mtu anayekula mbolea ya mwenzake kisha anahama namba ya simu. Shida yangu ni faini ya kuleta pungufu. Mkataba ulisema ukileta chini ya asilimia 80 ya makadirio, unalipa. Makadirio ya nani? Ya afisa wa nyanjani, anayekuja mara moja kabla ya mavuno na kuandika nambari yake kwenye fomu. Na mvua ya mawe, ambayo Trans Nzoia inaijua vizuri, haikutajwa popote.

Vuka sasa uje huku kwetu Bungoma, ambako wazee wetu wameishi na mkataba wa aina hii tangu kiwanda cha Nzoia kianze kusaga miwa 1978. Mbegu ya miwa, kulima, mbolea, kukata na kusafirisha, vyote vinaweza kuwa makato kwenye karatasi ya malipo. Mjomba ana hizo karatasi kwenye sanduku la bati, na nyingine makato yamekaribia kula tani zote. Lakini alichonifunza mjomba ni kuhusu saa, si makato. Muwa ukishakatwa unapungua uzito na sukari kila siku inayopita, na hapa mkulima amezoea kulipwa kwa tani. Trela likichelewa siku nne, anayepoteza ni nani? Malimbikizo ya malipo ya wakulima wa miwa mmeyasoma magazetini miaka nenda rudi, sirudii. Mjomba anasema: "Kijana, tafuta mahali ambapo wao wanachelewa, uone kama kuna faini." Tulitafuta kwenye ule wa Kitale. Mkulima akichelewa kuleta, asilimia 2 kwa wiki. Kampuni ikichelewa kulipa, sentensi moja: "italipa ndani ya muda unaofaa."

Msimamo wangu basi ni huu, na mnaweza kunipinga kwa maoni. Mkataba wenye faini ya upande mmoja usitiwe sahihi ulivyo, hata kama bei ni 100. Na kaunti zetu mbili, badala ya kutuitia semina za hotelini, ziweke sharti kwamba jedwali la makato na bei ya mazao yaliyokataliwa viwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili. Wakati huo wote weka nakala yako, risiti za pembejeo, na picha ya mizani kila gunia linapopandishwa. Ugomvi usiozidi shilingi milioni 1 unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huko hulazimiki kuwa na wakili, lakini bila karatasi utaenda kusimulia hadithi.

Ijumaa binamu alienda na maswali manne kwenye daftari. Jedwali alipewa, na lilikuwa la haki, lazima niseme. Ruhusa ya kuuza yaliyokataliwa iliandikwa kwa kalamu pembeni: siku 7, sahihi mbili. Mvua ya mawe waliongeza, ila lazima aripoti ndani ya siku 3. Faini ya kuchelewa kulipa walikataa, meneja akacheka kabisa. Na kabla hajarudi alipita kwa majirani wote wawili kuwauliza mwaka huu wanapanda nini. Mmoja alisema maharagwe. Wa pili alisema mahindi, kama kawaida.

Hajatia sahihi bado. Anamshawishi huyo wa pili apande viazi.