Salamu ya Kinande ugenini inafungua mlango, lakini haimalizi maswali

Wakaaji wengi wa Butembo, Beni na Lubero waliofika Kampala wanaijua ile dakika. Mtu ameshuka kwenye basi iliyotoka Mpondwe, mzigo uko miguuni, Kiganda hakijui, na wenye pikipiki wanamvuta huku na huku. Kisha, nyuma yake, anasikia mtu akigombana kwa simu katika Kinande. Moyo unatulia kabla hata hajageuka.

Tuseme ni binti wa miaka 20, na anayeongea kwa simu ni mama anayeuza matunda. Binti anangoja simu ikatike, anasogea, anasema: “Wasibire, mama.” Hiyo ni salamu ya baada ya mchana, asubuhi angesema “wavukire”. Mama anaitika, anamwangalia juu mpaka chini, anasukuma kiti kidogo cha mbao. Hajamjua bado, lakini amekwisha kumpa mahali pa kukaa.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri salamu imekwisha kusema yote, kumbe imesema jambo moja tu: kwamba huyu anajua lugha. Haijasema ametoka wapi. Kinande cha Kongo na Lukonzo cha Uganda ni karibu lugha moja, na wasemaji wa pande zote mbili za milima ya Ruwenzori wanajiita Wayira. Salamu ile ile ambayo upande wa Butembo inaandikwa “wavukire”, upande wa Kasese inaandikwa “wabukire”. Kwa hiyo huyo mama anaweza kuwa wa Butembo, na anaweza kuwa Mganda wa Kasese ambaye hajavuka mpaka hata siku moja.

Jina ndilo linaloanza kutenganisha. Kwa Wayira, mtoto anapata jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza upande wa Kongo ni Paluku, upande wa Uganda ni Baluku. Wa pili ni Kambale huku, Bwambale kule. Wa tatu ni Kasereka huku, Masereka kule. Binti akisikia mama anamwita mtoto wake Bwambale, anajua kwamba amekutana na ndugu wa lugha, lakini si mtu wa mji wake. Hilo si baya. Pengine ni heri, kwa sababu mzaliwa wa Uganda anaijua vizuri zaidi njia ya kufika ofisini.

Lakini jina nalo linaweza kuazimwa, na salamu ndiyo rahisi zaidi kuazima. Mchuuzi yeyote anaweza kujifunza neno moja ili kuvuta mteja, na tapeli vilevile. Dawa yake wazee wanaijua: salamu haiishii kwenye neno la kwanza. Inafuata “wewe ni wa wapi”, kisha “wa kwa nani”, kisha soko gani liko karibu na kwenu na siku gani linakusanyika. Anayetoka kweli huko anajibu bila kufikiri, na mara nyingi anarudisha swali lake. Aliyejifunza neno moja anarudi haraka kwenye Kiswahili, na haraka zaidi kwenye habari ya pesa.

Pesa ndiyo alama ya kutazama. Binti anayetaka kuandikishwa kama mkimbizi nchini Uganda hapaswi kulipa, kwa sababu kuandikishwa ni bure. Mtu akimsalimia vizuri kwa Kinande, kisha akasema “nipe kidogo nikupitishe mbele, na karatasi zako nizishike mimi”, basi lugha ya mama imegeuzwa kuwa chambo. Kinachouma ni kwamba mtu huyo anamwibia pesa, na pia anamwachia woga wa kusikia lugha yake mwenyewe njiani.

Kwa hiyo kila upande uwe na mpaka wake. Mwenyeji aliyesalimiwa anadaiwa vitu vinavyowezekana: kiti, maji, bei ya kweli ya pikipiki, kumwonyesha mahali ambapo wakimbizi wa Kongo wanakusanyika, kama kule Katwe au Nsambya. Hadaiwi kumlaza nyumbani mtu asiyemjua. Mgeni naye anadaiwa kusema ukweli wa kwao, na karatasi zake zibaki mfukoni mwake mwenyewe.

Yule mama wa matunda, akiwa na busara, atafanya jambo moja zaidi. Atauliza jina la mtu wa kwao binti ambaye simu yake inaita, aongee naye kwa Kinande hapo hapo, spika ikiwa wazi, binti akisikia. Baada ya hapo si wageni wawili tena.