Wapemba wa Kilifi na Haki ya Uraia

Mvuvi wa Kipemba aliyezaliwa Kilifi, na babaye akazikwa papo hapo, aliishi pasina kitambulisho; na kwa kukosa karatasi ile hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala kusajili laini ya simu, wala kumiliki kisheria shamba alilolinunua kwa jasho lake, hata ikambidi aliandikishe kwa jina la jirani, ambaye akifa, warithi wake waweza kumkana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango, kwa muda maalumu, wasio na uraia waliokaa nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963. Lakini ukaazi wa zamani hivyo wathibitishwaje na mtu ambaye hakupata kuandikwa popote? Serikali ilipowatambua Wapemba mwaka 2023 ilitenda insafu, nasi twaitaka ikubali ushahidi wa wazee wa mtaa pale ambapo hati hazipo.