Simu ya 4G Isiyopiga Simu

Tukienda kununua simu mjini tunauliza ram ngapi, kamera ikoje, chaji inakaa muda gani. Swali ambalo hakuna anayeuliza, kwa sababu linaonekana la kijinga, ni hili: je, simu hii inapiga simu?

Mwaka huu kwenye geto letu la Chang'ombe (ya hapa Dodoma jamani, siyo ile ya Temeke) swali hilo lilikosa jibu kwa siku nne. Rafiki yangu ninayeishi naye aliletewa simu mpya na mjomba wake anayefanya kazi Maskati. Kwenye boksi imeandikwa inatumia 4G tu, haina 3G wala 2G. Akaweka laini yake. Wasapu inapanda, video zinafunguka, meseji za kawaida zinaingia. Akipiga, simu inakatika kabla haijaita. Akipigiwa, anayepiga anaambiwa hapatikani. Na hizo ndizo siku ambazo wakuu wa shule walikuwa wanatupigia kuhusu nafasi za mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa shule hakutafuti wasapu. Anapiga mara mbili, hukupatikana, anampa nafasi mwingine.

Fundi simu wa mtaani alisema simu ni mbovu. Muhudumu wa mtandao naye akasema vivyo hivyo. Wote wawili walikosea, na ningependa tuelewe kwa nini, maana simu za aina hii zinaongezeka.

Kwenye 2G na 3G, ukipiga simu mtandao unakutengea njia ya sauti, kama bomba lako peke yako mpaka ukate. LTE, yaani 4G, haikujengwa na bomba hilo. Ndani yake kila kitu ni data. Sasa mbona simu zetu za 4G zinapiga? Nyingi hudanganya kidogo: ukibonyeza kupiga, zinashuka kwenye 3G au 2G, mnaongea, ukikata zinapanda tena. Tazama juu ya kioo ukiwa unapiga. Ukiona 4G imegeuka H, 3G au E, simu yako imeshuka. Simu isiyo na 3G wala 2G haina pa kushukia. Kwake ipo njia moja tu: sauti yenyewe isafiri kama data ndani ya 4G, jambo ambalo kwenye kioo linaitwa VoLTE.

Hapo watu wengi huishia kuuliza, "Simu ina VoLTE?" Swali hilo ni theluthi moja tu ya habari. Mnara na mitambo ya mtandao lazima iwe na huduma hiyo. Simu yenyewe lazima iikubali kwa mtandao huo: ndani ya simu kuna orodha ya mitandao, nayo husoma namba za mwanzo zilizofichwa kwenye laini (za Tanzania huanza na 640), na ikikuta mtandao wako haumo kwenye orodha inaweza kuizima VoLTE hata kama inaiweza. La tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lililomkamata rafiki yangu: laini yako lazima iwe imefunguliwa huduma hiyo.

Kufunguliwa maana yake nini? Mtandao una daftari kuu la wateja. Kila laini ina ukurasa wake unaosema inaruhusiwa nini: kupiga, data, kutumika nje ya nchi. VoLTE ni mstari mwingine kwenye ukurasa huo. Simu ikiwaka, hufungua njia ya pili ya data iitwayo `ims`, tofauti na ile ya bando lako, kisha hubisha hodi kwenye mitambo ya sauti. Mitambo inaipa fumbo ambalo ufunguo wa siri uliomo kwenye laini ndio pekee unaoweza kulifumbua, halafu inatazama daftari. Mstari upo, unakaribishwa. Mstari haupo, unarudishwa mlangoni, na simu haikuambii lolote. (Usichanganye na usajili wa alama za vidole. Huo rafiki yangu alikuwa nao safi kabisa.)

Sasa utajuaje tatizo liko wapi? Kwenye simu nyingi za Android, andika hii kwenye sehemu ya kupigia:

```
*#*#4636#*#*
```

Ingia `Phone information`, kisha kwenye vitufe vya menyu tafuta `IMS Service Status`. Baadhi ya watengenezaji wameificha, lakini kwa rafiki yangu ilifunguka. Ikasomeka `Not Registered`. Hilo linasema hodi haikuitikiwa, ila halisemi mwenye kosa ni simu au laini.

Tukabadilishana laini, kwa sababu wote tuko mtandao mmoja. Laini yangu kwenye simu yake ikapiga bila shida. Basi simu nzima. Laini yake tukaiweka kwenye simu yangu, ambayo ina VoLTE, kisha kwenye ukurasa uleule wa `Phone information` tukachagua `LTE only` ili isipate pa kushukia. Ikagoma kupiga. Tukairudisha laini yangu, mpangilio ukiwa uleule, ikapiga. Kosa lilikuwa kwenye laini. (Ukijaribu hili kumbuka kurudisha mpangilio wa zamani, la sivyo utatengeneza tatizo jipya.)

Alirudi dukani kwa mtandao akiwa na maelezo hayo, na safari hii hakusema "simu haipigi." Alisema, "Naomba laini yangu ifunguliwe VoLTE." Kadi yake ilikuwa ya zamani, wakambadilishia, wakafungua huduma, akazima na kuwasha simu. `Registered`. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni yenyewe.

Kwa hiyo kwa nini alisumbuka siku nne? Nadhani huduma hii isisubiri mteja aiombe kwa jina ambalo hajawahi kulisikia. Mtandao wenye VoLTE uifungue kwa kila laini, anayetaka kuizima aizime mwenyewe. TCRA, ambayo tayari huidhinisha vifaa vya mawasiliano, ingeweza kudai boksi la simu ya 4G pekee liseme kwa Kiswahili kwamba bila VoLTE haitapiga. Wengine wameshafika huko. India, kampuni ya Jio ilianza Septemba 2016 na mtandao usio na 2G wala 3G, na wenye simu za 4G zisizo na VoLTE walilazimika kupiga kupitia programu maalumu. Australia walipokuwa wanazima 3G, Oktoba 2024, mitandao ilitakiwa kuzifungia simu zisizoweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G. Ni ukali, lakini afadhali ujue mapema kuliko ujue usiku unapoita gari la wagonjwa.

Limebaki jambo moja ambalo VoLTE haijamtatulia. Menyu za pesa, zile za *150* na kuendelea, ziliundwa kwa njia za zamani, na kwenye simu yake mpya bado zinagoma mpaka leo. Programu ya pesa inafanya kazi akiwa na bando. Bando likiisha anatoa laini, anaichomeka kwenye kitochi cha elfu ishirini, anatoa hela kwa wakala, kisha anairudisha. Boom likiingia utamkuta pale nje kwa wakala na pini mkononi.